Barua Mbili kwa Uchafu Mmoja

Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu. Tuliiandika Agosti 2023 sebuleni kwa jirani, watu kumi na wawili tumeketi, kila mmoja akichomekea lake. Mmoja alitaka nzi watajwe, mwingine harufu. Mwenye duka la dawa alitaka yaandikwe maji meusi yanayosimama mbele ya mlango wake. Gari la taka lisilokuja likaingia, mtaro uliojaa mpaka ukingoni ukaingia, vijana wa mkokoteni wanaomwaga viroba usiku wakaingia, na ahadi za wakati wa kampeni nazo zikapata aya yao. Tukahitimisha kwamba wakazi tumechoka. Watu 31 tukatia saini, kijana mmoja akaipeleka manispaa, tukasubiri.

Haikujibiwa. Miezi miwili ilipita, na tulikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu barua ya raia inastahili jibu hata kama jibu lenyewe ni baya. Lakini katika mtaa wetu kuna mama mmoja mtu mzima aliyestaafu kazi ya masjala, aliyetumia maisha yake kupokea barua za watu, kuzigonga muhuri na kuzipeleka kwa wahusika. Tulipompelekea nakala ili atuambie la kufanya, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu," akaniambia, "barua hii ningeipokea mimi, nisingejua niiweke kwenye jalada gani."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Machoni petu taka na mtaro ni uchafu mmoja: viroba visipozolewa hupasuka, mvua huvisukuma mtaroni, mtaro huziba, maji hupanda barabarani na kurudisha uchafu uleule mlangoni. Ofisini, mambo hayo ni mawili, yenye wakuu wawili, bajeti mbili na majalada mawili. Anayeyafunga katika barua moja anampa mpokeaji kazi ambayo nusu yake si yake, na karatasi ya namna hiyo huzunguka mezani mpaka isahaulike.

Kazi ya kuzoa taka ngumu katika miji ya Tanzania ni ya halmashauri ya mji husika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeikabidhi mzigo huo waziwazi, na ndiyo sababu halmashauri zinatunga sheria ndogo za kutoza ada ya taka. Aghalabu halmashauri haizoi kwa mikono yake. Inaingia mkataba na mzabuni, kampuni au kikundi cha wananchi, ambaye anapewa eneo na ratiba. Sasa wengi huishia kugombana na dereva wa gari au na kijana anayekuja na mashine ya kukatia risiti. Mzabuni hana mkataba nawe. Ana mkataba na halmashauri, na halmashauri ndiyo inayoweza kumwita, kumkata fedha au kumwondoa. Barua yako iende huko.

Mtaro una hadithi nyingine. Tangu mwaka 2017, barabara za mitaani na za wilaya ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na mitaro ya pembeni mwa barabara hizo pamoja na makalavati yake inakwenda nazo. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Ikiwa kinachonuka kinatoka kwenye chemba ya majitaka iliyofurika, hapo umefika kwa mamlaka ya maji, ambayo kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Halmashauri bado ina mkono wake mtaroni, kwa maana ya kufagia na kuokota taka zilizotupwa humo, lakini mchanga uliojaa nusu ya kina, ukuta uliobomoka na kalavati lililo dogo ni mambo ya wenye barabara. Ukimwandikia mkurugenzi wa manispaa akubadilishie kalavati, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, atakachoweza ni kuielekeza barua yako kwingine.

Kwa hiyo yule mama alitushauri tuandike barua mbili, kila moja ukurasa mmoja, na kila moja iseme kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukifanya. Kabla ya kuandika, akasema, twendeni tukapime.

Kupima taka ni kazi rahisi kuliko inavyosikika. Tuliazima mizani ya muuza mkaa, tukapima viroba vya kaya sita kwa wiki nzima. Kaya moja ilitoa kama kilo 16 kwa wiki, nyingi zikiwa maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya ugali, na mchanga wa kufagia uwanja. Barabara yetu ina kaya 46, kwa hiyo ni kilo 736 kila wiki. Tangu gari lilipopita mara ya mwisho zilikuwa zimetimia wiki tatu, yaani zaidi ya tani mbili zilizokuwa zimelala kwenye kona mbili za mtaa. Ukisikia tani mbili unaogopa, lakini hesabu ile ilitufundisha jambo jingine: lori la tani saba lingeondoa lundo lote kwa tripu moja na nafasi ingebaki. Barua iliyosema "taka zimekithiri" ilimwachia afisa akisie mwenyewe ukubwa wa kazi, na mtu akikisia kazi asiyoijua huiona kubwa akaiahirisha. Barua inayosema tripu moja inampa jambo analoweza kuliingiza kwenye ratiba ya wiki ileile.

Tripu si neno dogo kwa jiji hili. Dampo la Dar es Salaam liko Pugu Kinyamwezi, nje kabisa ya katikati ya mji. Gari linalotoka mitaa ya mbali likikutana na foleni, linaweza kumaliza siku kwa safari moja au mbili tu. Barabara ya kuingilia dampo ikiharibika kwa mvua, magari hukwama huko na mitaa yote ya nyuma hulala na viroba vyake. Anayelalamika akilijua hilo hapunguzi haki yake. Anaacha tu kuomba gari lije kila siku, jambo ambalo haliwezekani, akaomba siku moja kwa wiki isiyovunjwa.

Tulirudi pia kwenye madaftari. Ratiba ilisema gari litapita kila Jumanne. Mwenye genge aliye kwenye kona yetu ana desturi ya kuandika kila kitu, na katika daftari lake la madeni tulikuta siku gari lilipopita, kwa sababu siku hizo huwalipa vijana wambebee taka zake. Kati ya tarehe 5 Septemba na 31 Oktoba 2023 kulikuwa na Jumanne tisa. Gari lilipita mbili: tarehe 12 Septemba na tarehe 10 Oktoba. Kisha tukakusanya risiti. Hapa ndipo palipokuwa na aibu kidogo, kwa kuwa kati ya kaya 46 ni 29 tu zilizokuwa zimelipa ada ya miezi yote miwili. Wengine walisema kwa nini walipe huduma wasiyoiona. Mzabuni naye husema atalipaje mafuta kwa wateja wasiolipa. Mgogoro huo upo katika mitaa mingi, na barua isiyoutaja hujibiwa kwa sentensi moja: wananchi hawalipi. Tuliamua kuutaja wenyewe, na idadi yake.

Barua ya taka ilikuwa hivi. Majina ya mahali nimeyaondoa.

02 Novemba 2023

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya …,
S.L.P. …,
Dar es Salaam.

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata.

YAH: KUTOZOLEWA TAKA ZA KAYA 46 TANGU TAREHE 10 OKTOBA 2023

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Sisi wakazi wa barabara iliyotajwa tunatakiwa kuzolewa taka kila Jumanne kwa mujibu wa ratiba iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kati ya tarehe 5 Septemba na 31 Oktoba 2023 gari limepita mara mbili kati ya mara tisa. Orodha ya tarehe imeambatishwa.

3. Kwa sasa kuna taka zinazokadiriwa kuzidi tani mbili katika sehemu mbili: kando ya ukuta wa shule ya awali, na pembeni mwa mtaro mkabala na duka la dawa. Picha nne zenye tarehe zimeambatishwa. Tripu moja ya gari la tani saba inatosha kuziondoa.

4. Kaya 29 kati ya 46 zimelipa ada ya Septemba na Oktoba. Nakala za risiti zimeambatishwa. Kaya 17 zilizobaki zimekubali katika kikao cha tarehe 28 Oktoba kulipa mara huduma itakaporejea, na mwenyekiti wa mtaa anayo orodha yao.

5. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, taka zilizopo ziondolewe ndani ya siku 7 tangu kupokelewa barua hii. Pili, tujulishwe kwa maandishi kama siku ya Jumanne bado ni siku yetu, na nani atawajibika isipotimizwa.

6. Tunashukuru kwa ushirikiano wako.

Nakala: Diwani wa Kata, Afisa Afya wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Basi, ni hiyo tu. Haina nzi wala harufu, na watu wetu wawili walinuna kwa sababu hiyo. Mwenye duka la dawa alisema imekuwa baridi mno, kama vile wanaoishi pale si binadamu. Nilimwelewa. Mtoto wake alikuwa ameharisha wiki nzima, na Dar es Salaam haijasahau kipindupindu cha mwaka 2015. Lakini mama wa masjala alimjibu vizuri: afisa anajua taka zinanuka, asichokijua ni ziko wapi na ni kiasi gani. Malalamiko ya ugonjwa yana mahali pake, na mahali penyewe ni kwa afisa afya wa kata, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kukagua kero na kuamuru iondolewe. Ndiyo maana nakala yake ipo, na ndiyo maana tulimfuata mwenyewe ofisini kwake badala ya kumwachia karatasi.

Mambo madogo mawili ya karatasi yanastahili kuelezwa, maana yameua barua nyingi. La kwanza ni ile njia ya kupitia kwa mtendaji wa kata. Ukimruka, makao makuu yatairudisha barua kwake aitolee maoni, na wiki mbili zitakuwa zimekwenda. Ukipita kwake, anaweka maoni yake na muhuri siku hiyohiyo, na mara nyingi anaujua mkataba wa mzabuni kuliko unavyodhani. La pili ni nakala ya pili ya barua. Nenda masjala na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unarudi nayo. Barua yetu ya Agosti haikuwa na muhuri. Kijana aliikabidhi kwa mtu aliyemkuta mezani, na tulipoiulizia hatukuwa na hata alama ya kuonyesha kwamba imewahi kuwepo. Zile siku 7 zetu hazina maana kama hakuna ajuaye zilianza lini.

Mtaro ulitaka jicho tofauti. Watu husema mtaro umeziba, lakini umeziba wapi na kwa nini? Njia ya kujua ni kuufuata kwa miguu saa moja au mbili baada ya mvua kukatika, ukiwa na fimbo ndefu. Ukikuta maji yamesimama juu ya kalavati na chini yake pakavu, kizibo kiko ndani ya kalavati. Yakiwa yamesimama pande zote mbili, tatizo liko mbele zaidi, pengine kwenye mtaro mkubwa unaopokea, na kuzibua hapo kwako ni kupoteza nguvu. Fimbo ikizama kwenye tope laini lenye mifuko, zaidi ni taka. Ikigota kwenye mchanga mgumu, mtaro umejaa udongo unaoshuka kutoka barabara isiyo na lami. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawapendi kuisema hadharani: mtaro wenye maji meusi wakati wa kiangazi. Mvua hainyeshi, maji yanatoka wapi? Yanatoka bafuni na jikoni kwa mtu aliyechomeka bomba lake, au kwenye choo kilichotapishwa usiku. Kutapisha choo mtaroni mvua inaponyesha ni tabia ya zamani katika jiji letu, na ni ukatili kwa wanaokaa bondeni. Hilo si la kumwandikia mhandisi wa barabara. Ni la mtaa wenyewe na afisa afya.

Wetu tuliufuata tarehe 29 Oktoba baada ya mvua ya alfajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza tangu Agosti kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya El Nino, kwa hiyo tulijua hatuna muda. Mtaro una urefu wa mita 140, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 70. Fimbo iligota mchanga ulioacha sentimita 25 tu za juu, yaani sentimita 45 zilikuwa zimekwisha. Ukizidisha urefu, upana na kimo hicho cha mchanga unapata karibu mita 38 za ujazo. Mwishoni kuna kalavati linalopita chini ya barabara, bomba la zege la kipenyo cha sentimita 45. Juu yake maji yalikuwa yamesimama. Chini yake pakavu. Tulikuta pia mabomba mawili ya majitaka ya nyumbani yakimwaga humo, moja la mtu aliyekuwa pamoja nasi akishika utepe wa kupimia. Aliliziba mwenyewe wiki ile, na nampongeza, kwa sababu angeweza kunyamaza.

Barua ya pili ilikwenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi, ikiwa na mchoro wa mkono unaoonyesha kalavati na vipimo. Iliomba vitu viwili, na tulivitenganisha kwa makusudi. Cha kwanza kilikuwa kuzibua kalavati na kuondoa mchanga, pamoja na kuuchukua. Maneno hayo ya mwisho yasisahaulike. Mara ngapi umeona mtaro umezibuliwa, tope likarundikwa ukingoni likauke, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani? Kuzibua bila gari la kubeba ni kazi ya wiki moja. Cha pili kilikuwa kubadilisha bomba la sentimita 45, ambalo ni jembamba kuliko mtaro unaoliingia, kwa hiyo litaziba tena hata likisafishwa leo.

Kutenganisha kulikuwa na sababu ya kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kuzibua ni matengenezo ya kawaida, kunaweza kufanyika kwa fedha iliyopo. Kubadilisha kalavati ni ujenzi unaotaka upimaji, michoro na fungu lake, na mafungu ya mwaka unaofuata huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai, mapendekezo yakianzia mitaani na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Barua inayoomba kalavati jipya mwezi Aprili, maji yakiwa tayari sebuleni, imechelewa kwa mwaka mzima. Ya Novemba ina nafasi.

Kuna msomaji atakayeuliza, na ikiwa hawajibu hata hiyo barua nzuri? Nitarudi nyuma kidogo. Miaka ya 1980 dampo la jiji lilikuwa Tabata, katikati ya makazi ya watu, na taka zilikuwa zikichomwa hapo, moshi na nzi vikiingia majumbani. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, katika kesi ya madai namba 299 ya mwaka 1988, na mahakama ikawapa haki. Jiji halikuondoka. Liliomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 liliporudi kutaka kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa, akashangaa kwamba mamlaka ya umma inathubutu kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Dampo likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu. Wale walishinda kabla hata ya sheria ya 2004, ambayo sasa inatamka kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kudai haki hiyo.

Simshauri mtu akimbilie mahakamani kwa viroba vya kona moja. Kuishitaki mamlaka ya serikali za mitaa kunaanza na notisi ya siku 90, na gharama ni kubwa. Kabla ya huko yupo diwani, anayeweza kulifikisha jambo kwenye baraza, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma zisizotimiza wajibu. Lakini kokote uendako, mlango wa kwanza utaulizwa swali moja: uliwaandikia lini, na walisema nini? Nakala yenye muhuri ndiyo jibu. Kwa hiyo hata barua iliyonyamaziwa haijapotea, mradi tarehe yake inaonekana.

Yaliyotokea kwetu ni haya. Gari la taka lilikuja Jumamosi ya tarehe 11 Novemba, siku ya tisa baada ya muhuri, likaondoa lundo lote kwa tripu moja. Jibu la maandishi lilifika wiki iliyofuata, mistari minne, likithibitisha siku ya Jumanne na kutaja cheo cha afisa wa kupigiwa simu. Kaya 17 ziliambiwa zitimize neno lao, na 14 zilitimiza. Tangu hapo kuna Jumanne zilizokosekana, lakini sasa mwenye genge anaandika kwenye daftari lake maalumu, na Jumanne mbili zikikosekana mfululizo mwenyekiti anapiga simu kabla lundo halijakua.

Mtaro ulizibuliwa Januari 2024, katikati ya vuli iliyogoma kuisha. Mchanga ulibebwa, si wote, lakini mwingi. Mama wa masjala alisimama barazani kwake siku nzima akihesabu magari, nasi tukaandika barua fupi ya kushukuru iliyotaja idadi hiyo, kwa kuwa shukrani nayo huingia kwenye jalada, na anayekuja baada ya meneja yule ataikuta.

Kalavati halijabadilishwa. Mhandisi alikuja, akapima, akakubaliana nasi kwamba bomba ni dogo, na pendekezo liliingia kwenye orodha ya kata bila kupata fedha mwaka ule. Masika ya 2024 yalipofika maji yalipanda tena mbele ya duka la dawa, safari hii kwa kimo cha kifundo cha mguu, ambapo mwaka uliotangulia yalifika magotini. Ombi tumelipeleka tena kabla ya Desemba, ukurasa mmoja, vipimo vilevile, na nakala yenye muhuri iko kwa mwenyekiti.